Mtoto Anatolewa, Halafu Anarudishwa

Jumapili ya juzi nlisimama mbele ya kanisa na shati la kuazima, nikaulizwa swali kwa maiki, nikajibu watu wote wakisikia. Mnaonifuata mnajua mimi ndiye yule aliyeacha chuo mwaka wa pili. Kwetu nyumbani neno "ahadi" likitajwa pamoja na jina langu, watu huguna.

Mtoto mwenyewe si wangu, ni wa dada yangu. Ana miezi mitatu. Babake hapatikani kwa simu tangu mimba ilipokuwa ya miezi mitano, na hiyo stori naiachia hapo. Kanisa la kwanza tulilouliza, silitaji, walimwambia dada kwamba mama asiye na mume ataombewa ofisini siku ya kazi, mlango ukiwa umefungwa. Alitoka pale ameikunja ile fomu hadi imekuwa ndogo kama biskuti. Ndio tukaenda kwa kanisa la mabati huku kwetu Muyeye, la Kipentekoste, na pasta akasema tuje Alhamisi tuzungumze kwanza.

Jumatano jioni jirani yetu alimkuta dada akipiga pasi kijinguo cheupe. Ni mama Mwislamu, ametulea sisi wote pale uani. Akauliza ni cha nini, dada akamjibu mtoto anawekwa wakfu. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mtarudi naye nyumbani?"

Hakuwa anatania. Hapa pwani wakfu ni neno zito. Shamba au nyumba ikishawekwa wakfu kwa ajili ya msikiti haiuzwi, hairithiwi, wala hairudi kwa mwenyewe. Sisi Wakristo tumelichukua neno hilo hilo tukalitumia kwa watoto, na sidhani kama wengi tumewahi kukaa tukafikiria linasema nini.

Halafu sisi watu wa Malindi tuna sababu nyingine ya kuuliza. Shakahola si mbali na hapa. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye ule msitu, na ndani yake walikuwemo watoto wengi. Walikuwa wameambiwa wafunge kula hadi wakutane na Yesu. Kuna wazazi waliowapeleka watoto wao kule kwa mikono yao wenyewe, wakiamini wanawatoa kwa Mungu. Baada ya hapo, mtu akikwambia "leta mtoto tumtoe", lazima umtazame mara mbili.

Kwa hiyo Alhamisi dada hakuuliza habari za nguo wala za sadaka. Alimuuliza pasta swali la jirani, vile vile.

Pasta hakukasirika. Akasema kuna hadithi mbili kwenye Biblia ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya Hana, aliyemwachisha Samweli ziwa kisha akamwacha Shilo kwa kuhani Eli, moja kwa moja. Hiyo ndiyo inayopendwa kuhubiriwa siku kama hizi, lakini hakuna anayefanya hivyo, na asifanye. Ya pili iko Luka 2. Yusufu na Mariamu walimpeleka mtoto hekaluni, mzee Simeoni akampokea mikononi, akawabariki, na wao wakaenda zao Nazareti na mtoto wao. Hata ile sheria ya zamani ilikuwa hivyo: mzaliwa wa kwanza wa kiume ni wa Mungu, lakini mzazi analipa shekeli 5, anamkomboa, anamlea mwenyewe. "Mimi nitamshika dakika mbili," akasema. "Nikizidisha, nidai mtoto wako. Na mtu yeyote akikwambia mtoto abaki kwake, toka mbio."

Kisha akatupa karatasi ya maswali tuisome kabla, maana anasema wazazi wengi huitikia "ndio" kwa maiki bila kusikia walichoulizwa. Ukimuuliza mzazi huyo nyumbani aliahidi nini, hajui. Swali la kwanza ni kama unakiri kwamba mtoto huyu ni zawadi kutoka kwa Mungu. La pili ni kama utamlea katika neno la Mungu, kwa mafundisho na kwa mfano wako. La tatu ni kama utamwombea na kumleta kanisani hadi afikie umri wa kuchagua mwenyewe. La mwisho si la wazazi, ni la kanisa zima. Chini ya lile la pili kulikuwa na mstari ulioongezwa kwa kalamu: kumlisha, kumsomesha na kumpeleka hospitali akiugua. Dada akauliza uliongezwa lini. Pasta akasema tu, "Mwaka ule."

Yeye mtoto haulizwi chochote. Hapo ndipo tofauti na ubatizo ilipo. Hakuna maji, na mtoto haandikwi kuwa mshirika wa kanisa. Akikua akaamini, atajiombea ubatizo mwenyewe, na huku kwetu wengi hupelekwa baharini wakazamishwa mwili mzima. Kwa sasa wanaofungwa na maneno ni watu wazima.

Na mmoja wao ni mimi. Dada alitaka asisimame peke yake. Nlimwambia pasta ukweli: siombi, na kanisani naenda Krismasi. Nlitarajia aniondoe. Badala yake akaniuliza ninaweza nini. Nikasema naweza kumpeleka kliniki, na naweza kununua maziwa na unga mwezi ambao video zimelipa. Akachukua ile kalamu akaniandikia swali langu peke yangu, akasema nisijibu ya mama na nisijifanye baba. "Jibu kama mjomba."

Jumapili yenyewe ilikwenda haraka. Tuliitwa baada ya nyimbo, kabla ya mahubiri. Hawe alikuwa ametoka Marafa na matatu ya alfajiri. Yeye ni Mwanglikana wa siku zote, na alikuja na kitambaa kipya cha kumpangusa mtoto kichwa. Katikati ya ukimya akauliza kwa kile kinong'ono chake ambacho hata waliokaa nje hukisikia, "Maji yako wapi?" Kanisa lilicheka, hata pasta.

Akauliza jina. Kwetu Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babake baba, lakini upande huo haukuwepo pale. Dada akataja jina la baba yetu, babu mzaa mama wa mtoto. Mjomba wetu mkubwa akakohoa. Hawe akapiga kigelegele, na hilo likaishia hapo.

Dada alijibu yake matatu. Mimi nikajibu langu, sauti ikikatika, na maiki nayo ikipiga mluzi. Kanisa likasimama likajibu lake. Ndipo pasta akampokea mtoto kwa mkono wa kushoto, akampaka mafuta kidogo kwenye paji la uso, akaweka mkono wa kulia kichwani bila kukandamiza. Akamwombea ile baraka ya Haruni iliyoko Hesabu 6, ya kulindwa, kuangaziwa uso na kupewa amani, akitaja jina lake kila mara.

Halafu akamnyoosha kwa dada. Dada alikuwa analia, hakuona. Pasta akasimama vile vile, mikono mbele, akangoja mpaka alipomchukua.

Cheti tulipewa mlangoni. Kwenye nafasi ya baba kuna mstari mtupu. Kwenye nafasi ya mashahidi kuna jina langu, kwa herufi kubwa, limekosewa herufi moja.

Chanjo ya wiki ya 14 ni Jumatano ijayo. Kengele ya simu nimeiweka saa kumi na mbili kasoro, kwa sababu foleni ya kliniki huanza mapema.