Nomino Iko Wapi?

Katika pendekezo langu la utafiti niliandika sentensi moja kwa majigambo: kwamba lugha ya bibi yangu wa Kisiwa Panza hufunga kishazi kizima ndani ya neno moja, kama zile lugha za Amerika zinazosifika kwa jambo hilo. Mfano wangu ulikuwa *hawajatupikia*. Neno lina vipande saba, ha-wa-ja-tu-pik-i-a, na ndani yake wamo wapishi, tumo sisi tunaongoja, na chakula bado. Msimamizi wangu alilizungushia kalamu nyekundu, akaandika pembeni: nomino iko wapi?

Nilinuna mpaka likizo, nilipovuka kwa boti kutoka Chokocho.

Alichotaka ni hiki. Kwa Kinahuatl cha Meksiko mtu husema *ninakakwa*. Ni ni mimi (ndiyo, kama sisi), naka ni nyama, kwa ni kula. Nyama yenyewe imeingia tumboni mwa kitenzi. Lakini ikishaingia haiwi tena nyama fulani; maana yake ni kwamba mimi ni mla nyama, au niko katika shughuli ya kula nyama. Ukikusudia nyama ile iliyopo mezani, lazima uitoe nje: *nikkwa in nakatl*.

Jioni moja bibi aliniita kutoka uani. "Umempika?"

Hakumtaja pweza, na hakuwa na haja. Ami alimleta asubuhi, tukamponda pamoja. Ile -m- ilimtosha. Angeuliza "umepika pweza?" ningeelewa kwamba anauliza kitoweo cha leo ni nini. Kwa hiyo tofauti ya Kinahuatl tunayo, ila sisi tunaishika kwa mkia: wao huingiza nomino kitu kinapokuwa si mahususi, sisi huingiza kiwakilishi kitu kinapojulikana. Nomino haipiti mlangoni.

Nilijaribu kuipitisha. "Nimepwezapika, bibi."

"Sasa huyo pweza umemla, au kakula wewe?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Karibu kabisa na nilichokuwa nikikitafuta kilikuwa kwenye gauni lake la Idi. "Limepigwa pasi?" aliniuliza. Aliyepigwa ni gauni. Pasi imebaki nyuma, haihesabiki, imekuwa sehemu ya tendo. Ukiitilia kiambishi, ukasema "nimeipiga pasi", basi umekipiga kile chuma chenyewe. Pasi hapa inafanya kazi kama ile naka, isipokuwa imesimama nje, baada ya irabu ya mwisho, na hata neno dogo linaweza kupenya katikati: nilipiga tu pasi. Tabia ni ya kuingizwa, umbo si la kuingizwa. Maneno ya namna hii tunayo tele, piga mbizi, piga deki, na sikuwa nimeyatazama hata mara moja, kwa kuwa nilikuwa nimeduwaa na urefu wa hawajatupikia.

Usiku ule nilifuta sentensi yangu, nikaanza upya na gauni la bibi.