Jina la Marehemu Kwenye Hati

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, mwaka juzi, aliponijia mpwa wangu baada ya sala ya alasiri. Ni binti wa dada yangu mkubwa, mwalimu wa watoto wadogo, na kwa miaka minane alikuwa akidunduliza mshahara wake apate pa kujenga. Akanisalimu, akaketi, akasema, "Mjomba, nimepata kiwanja. Nakuomba Jumamosi uje uwe shahidi wangu."

Kiwanja chenyewe kilikuwa robo eka, upande wa bara wa Mtwapa, na bei yake ilikuwa shilingi milioni moja na laki mbili. Wauzaji walikuwa ndugu watatu wa nyumba moja yenye heshima. Alikuwa ameshawapa elfu hamsini "za kushikia," kwa maana dalali alimwambia kuna mtu mwengine anakitaka. Daima huwa kuna mtu mwengine anayekitaka.

Nami sikumkatalia papo hapo, na sababu yake naona haya kuieleza. Zaidi ya miaka kumi iliyopita niliitwa hivyo hivyo, nikaketi barazani, nikapewa kahawa, nikatia sahihi yangu kama shahidi katika mauziano ya shamba. Niliwajua wauzaji, nikatosheka na kuwajua. Mwaka wa pili yake alikuja mwanamke mlangoni pangu na wanawe wawili, dada yao wale waliouza, akaniuliza kama nilikuwa najua kuwa naye ni mtoto wa yule marehemu. Nilikuwa najua. Sikuwa nimeuliza tu. Tangu siku hiyo kalamu yangu imekuwa nzito.

Basi nikamwambia mpwa wangu, "Mwanangu, nipe nakala ya hati kwanza. Jumamosi haitatukimbia."

Hati ilikuja. Nikaiangalia: namba ya kiwanja, ukubwa, muhuri, na jina la mmiliki. Jina lilikuwa la baba yao wale ndugu, aliyefariki miaka sita nyuma, Mungu amrehemu. Mpwa wangu hakuwa ameliona hilo kuwa ni jambo, kwa kuwa jina la mwana mkubwa linafanana sana na la marehemu. Hapa pwani mambo haya yana mtego wake. Mohamed bin Ali humzaa Ali, na Ali akapata mwana humwita Mohamed kwa jina la babu yake. Hati ikisema Mohamed Ali, ni yupi kati yao, babu au mjukuu? Kwa hiyo jina pekee halitoshi. Tazama namba ya kitambulisho iliyoandikwa katika rejista uilinganishe na kitambulisho alichonacho muuzaji mkononi. Na ikiwa hati ni kongwe isiyo na namba hiyo, itazame tarehe ya usajili, uhesabu muuzaji alikuwa na umri gani siku ile. Nimewahi kuona hati ya mtu aliyenunua ardhi, kwa hesabu hiyo, akiwa na miaka minne.

Jumatatu tulikwenda afisi ya usajili wa ardhi ya Kilifi. Upekuzi rasmi, ambao watu wengi huuita "sachi," si siri ya mawakili. Mnunuzi mwenyewe aweza kuuomba. Hujaza fomu, huambatisha nakala ya hati na ya kitambulisho chake pamoja na namba yake ya ushuru, hulipa ada, kisha hungoja cheti. Jambo la lazima ni kwamba cheti kitoke kwa mkono wako au wa wakili wako wewe. Dalali wetu alikuwa na cheti cha upekuzi tayari mfukoni, safi, kimekunjwa vizuri. Tulimshukuru, tukaenda kuomba chetu.

Cheti kile huwa na mambo matatu ya kusoma. La kwanza ni ardhi yenyewe: namba yake, ukubwa wake, na kama ni milki ya kudumu au ya kukodi kwa muda wa miaka. La pili ni mmiliki: jina na tarehe aliyosajiliwa. La tatu ni mizigo iliyo juu ya ardhi, na hapa ndipo wengi hawafiki: kama imewekwa rehani kwa benki, kama kuna mtu ametia zuio, au kama mahakama imeamuru isiguswe. Mke aliyeachwa, dada aliyenyimwa, mdai aliyekopesha, zuio la mmoja wao laweza kuwa pale mstari mmoja tu.

Cheti chetu kilirudi safi. Hati ilikuwa ya kweli, ukubwa ulikuwa ule ule, hapakuwa na rehani wala zuio. Mpwa wangu akafurahi, akasema, "Alhamdulillah Mjomba, si umeona?" Nikamwambia, nimeona. Nimeona kuwa mwenye ardhi hii ni maiti, na maiti hauzi.

Hapa ndipo panapohitaji utulivu. Upekuzi hujibu swali moja: ni nani aliyesajiliwa? Haujibu swali la pili: huyu aliye mbele yako ana ruhusa ya kuuza? Wale ndugu walikuwa na hati ya kweli, iliyotoka katika sanduku la baba yao. Hawakuwa wezi wa hati. Walikuwa na karatasi yenye sahihi zao watatu kwamba wamekubaliana, na wao waliona hiyo yatosha.

Nikawauliza, "Marehemu aliacha nani?" Wakasema, sisi watatu. Nikauliza tena, na mabinti? Kimya kidogo. Walikuwepo mabinti wawili, mmoja ameolewa Lamu, mwengine mjane yuko Mombasa. Na mama yenu? Yuko hai, yuko ndani, ndiye aliyetupikia kahawa.

Nikaomba kalamu tuhesabu. Mke ana thumni, kwa kuwa marehemu ana watoto. Kilichobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja: ndugu watatu wana mafungu sita, dada wawili wana mafungu mawili, jumla manane. Katika milioni moja na laki mbili, mama ana laki moja na nusu. Zinabaki milioni moja na elfu hamsini. Kila dada ana 131,250, na kila ndugu ana 262,500. Wao walikuwa wamepanga kugawana laki nne nne. Maana yake walikuwa wakiuza, pamoja na chao, shilingi 412,500 za mama yao na dada zao, na mpwa wangu ndiye angezilipa kwa watu wasiokuwa wenyewe.

Sheria ya Kenya nayo iko wazi katika hili. Sheria ya Urithi imetuachia Waislamu mgawanyo wa dini yetu, lakini sehemu yake inayohusu usimamizi wa mali ya marehemu inatuhusu sisi pia, pale isipopingana na sheria ya Kiislamu. Inasema kuwa kuigusa mali ya marehemu bila idhini ni kosa, adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi elfu kumi au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Inasema tena kuwa hata msimamizi aliyeteuliwa haruhusiwi kuuza ardhi kabla ya mahakama kuithibitisha hati yake ya usimamizi. Wanaponasa wanunuzi wengi ni hapo. Huonyeshwa karatasi ya mahakama yenye muhuri, wakaona mambo yamekwisha, kumbe ni ya kuteuliwa tu, si ya kuthibitishwa.

Na karatasi hiyo usiisome kwa muuzaji. Chukua namba ya kesi, uende masjala ya mahakama iliyoitoa, uombe faili. Nimelifanya hilo mara tatu sasa. Hutazama mambo mawili: kama warithi wote wametajwa kwa majina, na kama namba ya kiwanja unachonunua imo katika orodha ya mali. Barua ya chifu inayotaja warithi huwa imo pia, na huko ndiko mabinti hupotea. Muulize mama mzazi akutajie watoto wake, ukiwa na orodha ile mkononi.

Huenda msomaji akauliza, je, ikiwa ndugu wamekwisha kujihamishia ardhi kwa majina yao, na upekuzi ukatoa jina la muuzaji mwenyewe? Hapo omba nakala iliyothibitishwa ya rejista yenyewe, ile watu wanayoiita kadi ya kijani, uone ardhi ilivyotoka mkono hadi mkono. Ikiwa jina la marehemu limeondoka na la mwanawe limeingia, uliza ni kwa amri ya mahakama ipi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, juu ya kiwanja cha ufukweni Nyali, ilisema kuwa hati iliyopatikana kwa njia isiyo halali tangu asili yake haimlindi hata mnunuzi aliyeinunua baadaye kwa fedha yake. Kauli ya "mimi sikujua" imepungua nguvu sana tangu siku hiyo.

Wale ndugu walikasirika, sitaficha. Mkubwa wao aliniambia, "Sheikh, unatuharibia biashara." Wakarudisha elfu thelathini katika zile hamsini, nyengine walikuwa wamekwisha zitumia. Lakini yule mama, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, alituma mtu kwangu siku ya tatu yake. Alitaka kujua njia ya kwenda kwa Kadhi.

Kesi ilichukua miezi kumi na moja. Warithi sita waliandikwa wote, na mjane na mwanawe mkubwa wakawa wasimamizi. Hati ilipothibitishwa, ardhi ikahamishwa kwanza katika rejista kutoka kwa marehemu kwenda kwa wasimamizi. Katika muda huo mpimaji alikwenda kuyatafuta mawe ya mipaka, akakuta moja limemezwa na ukuta wa jirani, likarekebishwa bila ugomvi. Kisha tukafanya upekuzi wa pili, kwa kuwa ule wa kwanza ulisema habari za siku yake tu, na katika mwaka mzima mengi yangeweza kuingia. Asubuhi ya malipo wakili wa mpwa wangu akafanya wa tatu.

Fedha zililipwa kwa wakili, zikakatwa zile elfu ishirini, na kila mrithi akatia sahihi ya fungu lake. Binti wa Lamu alikuja na mtoto mgongoni. Alipopewa kalamu aliuliza jina lake liko wapi, karani akamwonyesha kwa kidole, naye akalisoma polepole kabla ya kutia sahihi.