Tarehe 24 inahesabiwa kutoka Oktoba

Bango la mwaka jana niliandika mimi. Niliandika kwa kalamu nene: "KUKU WA KRISMASI WAPO WA KUTOSHA, KARIBUNI WOTE." Nilichora na jogoo pembeni. Nilidhani nimemsaidia Shangazi, kumbe nimemtia hasara.

Shangazi si ndugu yangu wa damu. Ni jirani yetu hapa Kalobeyei, alikimbia kama sisi, na vijana wote wa mtaa tunamwita hivyo. Anafuga kuku wa broila, wale wa nyama, na kuku 40 wa mayai. Mimi nafanya kazi na vijana, nina mwandiko mzuri, basi kila mwenye biashara ananiletea bango.

Mwaka jana watu walikuja kweli. Mmoja anasema niwekee wawili, mwingine watano, mwingine anapita na bodaboda anapiga kelele "Shangazi, mimi watatu!" Hakuna aliyeacha hata shilingi. Alihesabu kichwani akapata zaidi ya 80, akakopa kwenye kikundi cha akiba, akaagiza vifaranga 100. Ilipofika tarehe 24 pesa ya chakula ilikuwa haijaingia. Wafanyakazi wa mashirika walioagiza walikuwa wameshaondoka likizo tarehe 20. Kuku 37 walibaki bandani.

Sasa, mtu wa kuku wa kienyeji atasema, si unawaacha tu wakue? Broila si hivyo. Akifika wiki sita ndiyo saa yake ya kuliwa. Akipita hapo anakula karibu gramu 180 kwa siku, na ile nyama anayoongeza hailipi tena chakula. Piga hesabu: kuku 37, siku saba, unapata kilo 46 na zaidi, karibu mfuko mzima wa kilo 50 kila wiki. Halafu joto letu la Turkana. Broila mzito ndiye anakufa wa kwanza. Utamwona saa nane mchana amefungua mdomo, anahema, ametanua mabawa kama nguo iliyoanikwa. Hapo maji ya baridi yanaweza kumwokoa. Akishalala ubavu, umechelewa. Shangazi alipoteza 11 kwa siku tatu, wengine akauza kwa bei ya huruma. Deni la kikundi alimaliza mwezi wa tano.

Hakunilaumu. Alinikalisha mwezi wa tisa akaniambia, "Mwanangu, safari hii utaandika bango nikikutajia tarehe. Usiongeze neno lako."

Tukaanza kuhesabu kinyumenyume. Kuku wa kuchinjwa tarehe 24 Desemba lazima awe na siku 42, kwa hiyo kifaranga wa siku moja lazima aingie bandani tarehe 12 Novemba. Vifaranga wanatoka mbali, upande wa Kitale na Eldoret, wanapanda basi. Kifaranga anaweza kukaa siku mbili bila chakula kwa sababu bado ana kiini cha yai tumboni, ndiyo maana safari hiyo inawezekana. Ila msimu huu kila mfugaji wa Kenya anataka vifaranga, na wauzaji wanadai agizo na malipo wiki mbili tatu kabla. Ukihesabu yote hayo unafika Oktoba. Yaani Krismasi ya Shangazi inaamuliwa watu wengine hawajaanza hata kuiwaza.

Kwa hiyo mwaka huu mambo ni haya. Oda zinaandikwa kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, kwenye benchi mbele ya nyumba yake. Daftari nashika mimi. Siku ya mwisho ni tarehe 25 Oktoba. Kuku mmoja ni shilingi 800, unaacha avansi ya 300 na unapewa karatasi yenye jina na namba. Ukikosa kuja mpaka tarehe 24 saa sita mchana, kuku wako anauzwa kwa mwingine na avansi hairudi. Najua linauma. Nilimwambia Shangazi ni kali sana, akaniuliza kama nakumbuka wale 11.

Vifaranga ni 100 lakini tutaandika kuku 90 tu, kwa sababu hata ukichanja na kulinda vizuri wachache watakufa. Kila nyumba isizidi watatu. Kuchukua ni tarehe 22, 23 na 24, asubuhi kabla jua halijakaza. Ninyi mnaoenda likizo mapema, mtaje tu tarehe yenu: tarehe 19 kuku atakuwa na siku 37, mdogo kidogo lakini analika vizuri. Na msitegemee wale wa kilo mbili na nusu mnaoona mjini. Kwa joto hili kuku anakula kidogo, na Shangazi anamwondolea chakula kuanzia saa tano hadi saa kumi ili asihemee tumbo limejaa. Kilo moja na nusu au zaidi kidogo, akiwa mzima, ndiyo ahadi. Anauzwa hai, ili kila mmoja achinje kwa desturi ya dini yake.

Mayai yana hesabu yake, na hapo mwaka jana tuliaibika vilevile. Kuku hatagi zaidi ya yai moja kwa siku. Kuku 40 kwenye joto wanatoa kama 30, trei moja basi. Watu walitaka trei 20 kwa mara moja, Shangazi akaanza kuyakusanya kuanzia Novemba, ndani ya nyumba ya mabati. Majogoo walikuwa wanatembea na wale kuku. Yai lenye mbegu ya jogoo likikaa kwenye joto linaanza kukua lenyewe bila kulaliwa. Mama mmoja alipasua yai la keki akakuta damu. Kwa hiyo majogoo wametengwa tangu Septemba, na mayai yanakaa shimoni chini ya kivuli, yamefunikwa gunia bichi. Kama una wasiwasi, mulika yai kwa tochi ya simu gizani: ukiona nyuzi nyekundu, lirudishe. Tunaandika trei 12 tu, za mayai yaliyotagwa kuanzia tarehe 11 Desemba. Kila nyumba trei moja, au gawaneni na jirani nusu kwa nusu.

Jambo moja ambalo sikulijua nimefundishwa na kijana wa Kiethiopia kwenye kikundi chetu. Aliniuliza kwa nini bango linaishia tarehe 24. Waorthodoksi wao wanasherehekea Krismasi tarehe 7 Januari, na kabla yake wanafunga wiki zaidi ya sita bila nyama wala mayai. Siku yenyewe wanapika doro wati, mchuzi wa kuku mwekundu wenye mayai ya kuchemsha ndani. Mwaka jana sisi tulikuwa tunalia na kuku waliobaki, na mitaa miwili kutoka hapo watu walikuwa wanatafuta mayai!

Lakini broila hawamtaki, anamomonyoka kwenye mchuzi wa moto mrefu. Wanataka kienyeji mgumu. Shangazi ana majogoo wa kienyeji 14, amewawekea hao. Mayai ya tarehe 25 Desemba hadi 5 Januari nayo ni yao, trei 10. Oda hizo mwisho ni tarehe 20 Desemba, na kuchukua ni tarehe 5 na 6.

Leo ninapoandika daftari lina kuku 52 na trei saba. Bango jipya liko mlangoni, halina picha ya jogoo. Shangazi alisema nafasi hiyo niandikie tarehe.