Alama Moja ya Kemia

Wazazi wetu wengi wakipokea karatasi ya mtihani huhesabu kwanza alama zilizopotea. Ndivyo alivyofanya baba yetu hapa Bugembe muhula uliopita, mdogo wangu wa kidato cha nne alipoleta nyumbani karatasi yake ya kemia ya vitendo. Kazi ilikuwa safi na kila hatua imeandikwa, ila pembeni mwa wastani palikuwa na alama ya kosa. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kusema kwamba ataliacha somo hilo, maana bidii haina malipo. Baba akamwandikia mwalimu: mtoto amepima mara tatu na kuvitumia vipimo vyote vitatu, mbona amenyimwa alama kwa kazi aliyoifanya?

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwa pipeti walitia katika chupa sentimita za ujazo 25 za haidroksidi ya sodiamu, na matone mawili ya fenoftalini, maji yakawa ya rangi ya waridi. Kisha wakafungulia asidi ya haidrokloriki kutoka katika bureti mpaka rangi ikapotea. Asidi ilikuwa ya moli 0.100 kwa lita, nao walitakiwa kutafuta nguvu ya haidroksidi. Mdogo wangu alipata 25.90, kisha 24.80, kisha 24.90. Akajumlisha zote, akagawa kwa tatu, akapata 25.20.

Mwalimu alijibu kwa upole, na baba ameniruhusu niyaandike maneno yake hapa.

"Mzee wangu, salamu nyingi. Mwanao hakukosa bidii, wala hesabu yake ya kugawa haina kosa. Kosa ni kukiingiza kipimo cha kwanza. Kipimo hicho hufanywa kwa haraka, ili mwanafunzi ajue rangi itapotea karibu na wapi. Mara ya pili hufungulia asidi upesi mpaka karibu na 24, halafu hutia tone moja moja huku akiitikisa chupa juu ya kigae cheupe. Rangi ya waridi ikishapotea, maji hubaki meupe hata ukizidisha asidi. Huwezi kuyatazama ukajua kama umezidisha tone moja au matone ishirini.

"Wastani hutusaidia pale makosa yanapokwenda pande zote mbili, mara juu kidogo, mara chini kidogo, yakapunguzana. Lakini kupitisha asidi ni kosa la upande mmoja tu: siku zote huongeza. Vipimo viwili vya uangalifu vinatofautiana kwa 0.10, basi vinaaminika, na wastani wake ni 24.85. Kile cha haraka kimeuvuta wastani kwa 0.35. Tone moja la bureti ni kama 0.05, kwa hiyo ni matone saba ambayo haidroksidi haikuyahitaji.

"Moli moja ya asidi humaliza moli moja ya haidroksidi. Kwa 24.85 jibu ni moli 0.0994 kwa lita, na kwa 25.20 ni 0.1008. Mwanao ametuambia kwamba haidroksidi ina nguvu kuliko asidi, hali ni dhaifu kidogo. Hata hivyo sikumwadhibu mara mbili. Hesabu zilizofuata nilizisahihisha kwa kuitumia 25.20 yake, nikampa alama zote. Iliyopotea ni ile moja ya kuchagua vipimo.

"Wala asidhani kwamba namfundisha kutupa asichokipenda. Kipimo cha kwanza lazima kiandikwe na kibaki katika jedwali. Na kama vile viwili vya uangalifu vingeachana mno, asingechagua kimoja kwa kupenda. Angepima tena mpaka apate viwili vinavyokaribiana."

Baba hakusoma kemia, lakini kwa miaka mingi amepima malori ya miwa. Nilipomsomea barua alinyamaza, kisha akamwita mdogo wangu akamwuliza: "Lori likipimwa utingo akiwa amesimama juu ya mizani, uzito utazidi au utapungua?" Mdogo wangu akajibu kwamba utazidi. "Na nikilipima tena mara mbili utingo akiwa ameshuka, nifanye wastani wa mara zote tatu?"

Mdogo wangu hakujibu. Alichukua karatasi yake, akaiacha 25.90 mahali pake katika jedwali, akatia alama ndogo ya vema kando ya 24.80 na 24.90, akaanza kugawa upya kwa mbili.