"Ulijuaje?" Swali la kumuuliza aliyekuwepo mtoto alipopata degedege

Daktari anayempokea mtoto aliyepata degedege mara nyingi halioni degedege lenyewe. Kwa watoto wengi linakoma lenyewe ndani ya dakika chache, na mtoto anafika hospitali akiwa amelala au analia kama mtoto yeyote mwenye homa. Kinachobaki ni maneno ya aliyekuwepo. Na aliyekuwepo, hasa mchana wa siku ya kazi, mara nyingi si wewe mzazi.

Mwaka jana ilitokea kwa mtoto wa dada yangu, wa mwaka mmoja na miezi minane. Dada alikuwa kazini, nami nilikuwa karibu, kwa hiyo nilitangulia kufika hospitali. Wauguzi walikuwa wameshampima joto, likawa 39.4, na sukari ya damu ilikuwa sawa. Daktari akatoka kuuliza nani alimwona. Wakajibu watu watatu kwa pamoja: binti wa kazi, mama jirani na kijana wa bodaboda.

Kazi yangu ya uandishi wa habari imenizoesha jambo moja: watu waliosimulia pamoja kwa muda mrefu huishia kuwa na simulizi moja, na hujui tena nani aliona nini. Wakati daktari akiendelea na mtoto, nilimchukua binti peke yake tukakaa kwenye benchi la mwisho. Alikuwa anatetemeka, akiogopa kulaumiwa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hakuna anayekutafutia kosa. Niambie tu." Nikamwacha aseme bila kumkatiza:

"Anti, nilikuwa jikoni, nikasikia puu, mtoto kaanguka, nikakimbia, namkuta anatetemeka mkono huu, macho yamegeuka, amekata pumzi kabisa, mama jirani akaja akasema huyu kagonga kichwa, tukammwagia maji, nusu saa nzima anatetemeka, halafu akalegea kama amekufa, na jana usiku alikuwa na joto, nilimwambia dada."

Ukimsomea daktari maneno hayo yalivyo, umempa mtoto aliyeanguka na kuumia kichwa, akatetemeka upande mmoja kwa nusu saa. Huyo ni mgonjwa tofauti kabisa na mtoto mwenye degedege la kawaida la homa. Degedege la kawaida, linalowapata watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, hutikisa mwili wote, halifiki dakika 15, na halirudi ndani ya saa 24. Likiwa la upande mmoja, au refu, au likijirudia, daktari huanza kutafuta sababu nyingine, na vipimo huongezeka.

Kwa hiyo nilirudi nyuma na binti, sentensi moja baada ya nyingine, nikiuliza zaidi swali moja: "Ulijuaje?" Sikumuuliza, "Macho yaligeukia juu, si ndiyo?" Mtu mwenye hofu hukubali chochote unachomtajia.

Tulianza na kuanguka. Alijuaje? Alisikia puu. Aliona nini alipofika? Mtoto amelala kwenye mkeka, kikombe cha plastiki cha uji kimepinduka pembeni. Kumbe hakuna aliyemwona akianguka. Maneno ya kugonga kichwa yalitoka kwa mama jirani, ambaye aliingia baadaye. Sikuyafuta. Niliyaandika pamoja na mwenyewe: "Jirani anadhani aligonga kichwa; hakuona." Dhana ya mtu nayo inaweza kumsaidia daktari, mradi ajue kwamba ni dhana.

Mkono ulituchukua muda mrefu zaidi. Binti alishikilia kwamba ulitetemeka mkono wa kushoto. Nikamwomba anionyeshe kwa kanga iliyokunjwa jinsi mtoto alivyokuwa amelala. Akailaza kwa ubavu wa kulia. Mkono wa kulia ulikuwa wapi? "Chini yake, anti." Je, ulikuwa unatetemeka? Akafikiri. "Sikuuona." Miguu je? Yote miwili ilikuwa inaruka. Hapa ndipo simulizi nyingi huharibika, kwa sababu "sikuona ukitetemeka" hugeuka kuwa "haukutetemeka", na mtoto anapata ugonjwa wa upande mmoja kwa makosa ya lugha.

Kukata pumzi nako: alikuwa ameona midomo imekuwa myeusi na povu mdomoni. Kifua hakukitazama.

Kisha muda. Aliyemshika mtoto anayetetemeka huona dakika tano kama nusu saa, na sidhani kama kuna mzazi atakayemcheka. Kumwuliza "ilikuwa dakika ngapi" hakusaidii. Nilitafuta vitu vyenye saa yake. Simu ya binti ilionyesha alimpigia dada yangu saa nne na dakika 9 asubuhi, mtoto akiwa bado anatetemeka. Kabla ya kupiga alikuwa amepiga kelele za kumwita jirani na kuchukua simu mezani, tukakadiria dakika moja. Nikamfuata jirani: yeye alimwita kijana wa bodaboda saa nne na dakika 13, na wakati huo, alisema bila kusita, mtoto alikuwa ameshalegea. Basi kilichoonekana ni kama dakika tano.

Ilibaki sehemu ambayo hakuna aliyeiona. Mara ya mwisho binti alimwona mtoto akinywa uji vizuri ni taarifa ya habari ya redio ilipoanza, saa nne kamili. Hata kama degedege lilianza dakika ileile alipompa mgongo, jumla haizidi dakika 13.

Karatasi niliyompa daktari ilikuwa fupi, imepangwa kwa saa:

"Jana usiku: joto, binti alimgusa. Leo saa 4:00: alionekana mzima, anakunywa uji. Baada ya hapo: sauti ya kitu kuanguka ilisikika, hakuna aliyemwona mtoto akianguka. Kama saa 4:08: binti alimkuta amelalia ubavu wa kulia, haitikii jina lake, miguu yote na mkono wa kushoto vinatetemeka, midomo myeusi, povu. Mkono wa kulia haukuonekana. Saa 4:13: amelegea, kisha akalala. Njiani alilia na kumshika binti. Halikurudia. Jirani anadhani aligonga kichwa, hakuona."

Mwanzoni nilitaka kuandika "alizimia", kama walivyosema wote, lakini hilo ni hitimisho. "Haitikii jina lake" ndicho kilichotokea, na daktari alikiwekea alama, kwa sababu mtoto anayetetemeka kwa baridi ya homa tu huwa macho na hukutazama unapomwita.

Alipapasa kichwa chote, hakukuta uvimbe. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, shingo haikuwa ngumu, sikio la kulia lilikuwa jekundu na limevimba ndani. Akatuweka chini ya uangalizi hadi jioni. Alisema kama hatungeweza kuonyesha kwamba muda ulikuwa chini ya dakika 15, angetulaza.

Karatasi hiyo haitangulii huduma. Degedege likianza, mlaze mtoto kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie chochote mdomoni, wala maji ya kummwagia hayasaidii. Tazama saa. Likipita dakika tano, au likirudi, nenda hospitali hapohapo bila kungoja likome; na kama ni mara ya kwanza, nenda hata likikoma. Maswali yataulizwa huko, mtoto akiwa mikononi mwa wauguzi.

Dada yangu ameihifadhi ile karatasi ndani ya kadi ya kliniki. Mama jirani bado anasimulia nusu saa, na sasa mtoto ameanguka kutoka kwenye kochi.