Simu ya Mpagazi katika Baridi ya Kibo

Agosti 2022 serikali ilizindua intaneti ya kasi katika Mlima Kilimanjaro, ikianzia kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Niliipokea habari hiyo kwa furaha, kwa kuwa kiongozi wa msafara mwenye mtandao anaweza kuita msaada mapema mgeni au mpagazi wake anapozidiwa. Hata hivyo, mnara hausaidii simu iliyozimika, na karibu na kilele simu nyingi huzimika zikiwa bado na chaji.

Nilipopita kambi ya Barafu, kituo cha mwisho kabla ya kilele kwa njia ya Machame, mpagazi mmoja alinionyesha simu yake, ambayo alikuwa bado anailipia kwa awamu. "Mwalimu, simu hii ina uongo," alisema. "Imeandika asilimia thelathini na nane, mara giza!"

Simu haikuwa na uongo. Chaji ilikuwamo, ila haikuweza kutoka kwa kasi iliyotakiwa. Ndani ya betri ya lithiamu, chembe zenye umeme husafiri kupitia kimiminika kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baridi hukifanya kimiminika hicho kuwa kizito na kuipunguza mwendo safari hiyo, hivyo ukinzani wa ndani huongezeka. Tuseme betri iliyotulia ina volti 3.75, na simu hujizima ikishuka chini ya 3.3. Kamera inapowashwa, au simu inapohangaika kutafuta mtandao, huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Penye joto, mkupuo huo huenda ukapunguza volti 0.2 tu, na simu isitetereke. Penye baridi kali unaweza kupunguza 0.6, zinabaki 3.15, na simu inajizima. Ukiipasha joto, asilimia zile zinarudi karibu zote.

Kuzimika huko, kwa hiyo, ni usumbufu wa kupita. Madhara ya kudumu huja pale mtu anapokimbilia kuichaji. Mpagazi yule, kama wenzake wengi, alikuwa akiichomeka simu kwenye pawabenki alfajiri, hema likiwa bado na umande ulioganda. Wakati wa kuchaji, lithiamu hutakiwa kuingia katikati ya tabaka za grafiti. Chini ya nyuzi 0 za sentigredi huingia polepole mno, na ile inayokosa nafasi hujibandika juu ya grafiti ikiwa metali. Sehemu ya metali hiyo hairudi tena kazini, kwa hiyo betri hupoteza uwezo wake moja kwa moja. Metali hiyo inaweza pia kuota kama sindano, ikatoboa utando unaotenganisha pande mbili na kuleta shoti, hata moto. Simu bora hupima joto la betri na kukataa kuchajiwa ikiwa baridi. Kukataa huko ni ulinzi, si ubovu wa chaja. Taa za kichwani na pawabenki za bei rahisi mara nyingi hazina kinga hiyo, nazo ndizo vifaa vya mpagazi.

Apple inaelekeza iPhone itumike penye nyuzi 0 hadi 35. Karatasi iliyokuja na simu ya mpagazi yule ilikuwa na onyo la namna hiyo pia, kwa Kiingereza na Kichina. (Muuzaji aliyeiuza nchini hakuona haja ya Kiswahili, na hakuna aliyemdai.) Mgeni hulala na simu yake ndani ya mfuko mnene wa kulalia, ya mpagazi hubaki mfukoni mwa koti lililotundikwa.

Dawa yenyewe haina gharama. Simu izimwe, ikae karibu na mwili, chini ya koti, kwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuchomekwa. Kuhisi kioo kimepata joto hakutoshi, maana betri iliyo ndani huchelewa. Isiwekwe juu ya jiko wala kwenye chupa ya maji yanayochemka, kwa sababu joto kali nalo huiharibu betri. Ikiwa inaingizwa kutoka nje kwenye hema la jikoni lenye mvuke, ifungwe kwanza katika mfuko wa plastiki ili unyevu ugande juu ya plastiki na si ndani ya tundu la chaja. Pawabenki inaweza kutoa umeme hata ikiwa na baridi, ingawa kidogo kuliko kawaida. Yenyewe inapochajiwa kwa paneli ya jua asubuhi, nayo ipashwe joto kwanza.

Simu iliyokwisha kudhurika hujaa haraka na kuisha haraka hata ikishushwa Moshi kwenye joto. Kifuniko cha nyuma kikianza kuvimba, au kioo kikiinuka pembeni, isichajiwe tena wala kutobolewa.

Getini, mizigo ya wapagazi hupimwa ili isizidi kilo 20. Foleni hiyo huchukua muda wa kutosha kwa mtu mmoja kuyasema haya yote kwa Kiswahili.