Sifuri ya haki na sifuri ya kosa: kwa nini daftari la malipo litumie IFNA badala ya IFERROR

Wakati wa mavuno ya alizeti hapa Iguguno nasomeshwa mafaili ya Excel mengi kuliko ninavyopima mashamba. Vikundi vingi siku hizi vinakopesha wanachama mbegu mwanzoni mwa msimu, halafu vinakata deni mkulima anapoleta mzigo. Wanunuzi nao wana hesabu hiyohiyo: fulani alichukua mbegu, fulani alichukua magunia, mwingine hakuchukua kitu. Anayeandaa malipo huweka fomula itafute deni la kila mtu. Leo nataka tuongee juu ya neno moja tu ndani ya fomula hiyo, kwa sababu nimeona linavyoweza kufuta madeni ya kikundi kizima bila mtu kugutuka.

Nikuelezee faili la kikundi kimoja ambacho katibu wake aliniletea nilipitie kabla ya siku ya malipo. Kikundi sikitaji, na namba nimezirahisisha ili uzifuate vizuri. Wanachama ni 60. Kati yao 38 walikopa mbegu chotara, kila mmoja mifuko miwili ya shilingi 35,000, yaani deni la shilingi 70,000. Waliobaki 22 walipanda mbegu zao wenyewe. Wote 60 walileta alizeti, na bei tuseme ni shilingi 900 kwa kilo.

Faili lina karatasi mbili. Ya kwanza inaitwa Mikopo, ina wale 38 tu, na safu zake ni nne: namba ya mwanachama, jina, kitongoji, na deni. Ya pili inaitwa Malipo, ina mstari mmoja kwa kila mwanachama: safu A ni namba yake, B kilo, C bei, D thamani ya mzigo, E deni, na F kiasi cha kumlipa, ambacho ni D kutoa E. Kwenye safu E katibu aliandika hivi:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A2,Mikopo!$A$2:$D$39,4,FALSE),0)
```

Maana yake ni rahisi. Chukua namba iliyoko A2, itafute kwenye karatasi ya Mikopo, ukiipata niletee kilichoandikwa kwenye safu ya 4, yaani deni. Neno FALSE linasema namba ifanane kabisa, si kukaribiana. Asipokuwemo kwenye orodha ya waliokopa, VLOOKUP hurudisha alama ya #N/A, na alama hiyo ikiachwa inaharibu hesabu ya malipo. Ndiyo maana katibu akaifunika kwa IFERROR ili pawe na sifuri. Hapo hajakosea nia: mtu ambaye hakukopa deni lake ni sifuri kweli.

Tatizo ni kwamba IFERROR haichagui. Inafunika #N/A, na inafunika pia #REF!, #VALUE!, #NAME?, #DIV/0! na makosa mengine yote. Wiki moja kabla, kijana aliyekuwa akisaidia kupanga faili aliona safu ya kitongoji kwenye karatasi ya Mikopo haina kazi, akaifuta. Excel ikajirekebishia jedwali kutoka A hadi D likawa A hadi C. Lakini ile 4 ni namba iliyoandikwa kwa mkono, yenyewe haibadiliki. Fomula sasa ikawa inaomba safu ya nne kwenye jedwali lenye safu tatu. Jibu la Excel kwa ombi la namna hiyo ni #REF!, na IFERROR ikaligeuza kuwa sifuri.

Mwanachama namba M014 alileta kilo 420. Thamani yake ni shilingi 378,000, na ukikata 70,000 anatakiwa kulipwa 308,000. Karatasi ilisema alipwe 378,000 zote. Ikawa hivyo kwa wakopaji wote 38, na pesa ya mbegu ambayo ingetoka mfukoni mwa kikundi ni shilingi 2,660,000. Hiyo ndiyo ingenunua mbegu za msimu unaofuata.

Unaweza kuuliza, mbona katibu hakuona? Kwa sababu hapakuwa na cha kuona. Safu ya deni ilikuwa na sifuri tangu siku ya kwanza, za wale 22 wasiokopa. Sifuri ya mtu asiye na deni na sifuri ya fomula iliyovunjika zinafanana kabisa. Mtu akipitisha macho haraka anaona tarakimu nadhifu, jumla imetoka, karatasi iko tayari kuchapwa.

Sasa badilisha neno moja:

```
=IFNA(VLOOKUP(A2,Mikopo!$A$2:$D$39,4,FALSE),0)
```

IFNA inafunika #N/A peke yake, yaani ile alama ya "nimetafuta sikupata". Asiyekopa bado anaandikiwa sifuri kama zamani. Lakini ile safu ikifutwa, #REF! inajitokeza waziwazi kwenye madeni. Na haiishii hapo: F inatoa E kutoka D, kwa hiyo malipo nayo yanageuka #REF!, na jumla ya chini kabisa inageuka #REF! vilevile. Watu wengi wanachukia kuona hivyo. Mimi nakwambia hiyo ndiyo kazi yake. Karatasi yenye jumla iliyoharibika haiwezi kupelekwa kwa mweka hazina, na mtu atalazimika kutafuta sababu kabla pesa haijatoka.

Huna haja ya kuandika upya fomula zote. IFERROR na IFNA zinapokea vitu viwili vilevile kwa mpangilio uleule. Fanya nakala ya faili, chagua safu ya deni, bonyeza Ctrl na H, andika IFERROR( kwenye sehemu ya kutafuta na IFNA( kwenye sehemu ya kubadilisha, kisha badilisha zote. Makosa yaliyokuwa yamejificha yatatokea palepale.

Kisha jaribu kama kinga inafanya kazi. Kwenye mstari mmoja andika namba ya mwanachama asiyekuwepo, kwa mfano M999. Lazima uone sifuri. Irudishe namba sahihi. Halafu kwenye fomula ya mtu aliyekopa badilisha ile 4 iwe 9. Lazima uone #REF!. Ukiona sifuri, bado kuna IFERROR mahali. Ukimaliza, rudisha 4 yako.

Jambo la pili ni mahali pa kuiweka. Iweke kuzunguka utafutaji tu, usizungushie hesabu nzima. Nimeona mfanyabiashara aliyeandika IFERROR nje ya fomula ya malipo, ikafunika thamani kutoa deni kwa pamoja. Kwenye orodha yake deni la mtu mmoja lilikuwa limeandikwa 70,000/= kama tunavyoandika kwenye risiti. Excel haielewi ile alama ya mwisho, inaona ni maneno. Ukitoa maneno kutoka kwenye namba inakupa #VALUE!. IFERROR ikaifunika kwa sifuri, na safari hii sifuri ilikuwa upande wa malipo: mkulima ameleta magunia yake, karatasi inasema alipwe sifuri. Kama IFNA ingekuwa ndani, kwenye utafutaji peke yake, #VALUE! ingeonekana kwenye mstari wa mkulima huyo na dawa yake ni kufuta ile /= tu.

Sasa nisikudanganye kwamba IFNA inamaliza kila kitu. Yenyewe inaamini kwamba kila #N/A ni ya haki, na si kweli siku zote. Karani akiandika M14 badala ya M014, au akiacha nafasi moja baada ya namba, Excel haimpati mtu huyo na IFNA inampa sifuri kana kwamba hakukopa. Ukisahau zile alama za $ nako ni hivyohivyo: ukiburuta fomula kwenda chini jedwali linashuka nalo, wakopaji wa juu wanaachwa nje, na wanaonekana hawana deni. Tena, mtu akiongeza safu tupu kabla ya safu ya deni, ile 4 itachukua safu tupu na kuleta sifuri bila alama yoyote ya kosa.

Kwa hayo dawa ni kulinganisha jumla mbili. Weka kisanduku kimoja pembeni kwenye karatasi ya Malipo:

```
=SUM(Mikopo!D2:D39)-SUM(E2:E61)
```

Kinatoa madeni yaliyokatwa kutoka madeni yote yaliyokopeshwa. Wakopaji wote wakiwa wameleta mzigo, jibu ni sifuri. Likitoka 70,000, kuna mkopaji mmoja hajakatwa, kamtafute. Likitoka 2,660,000, hakuna hata mmoja aliyekatwa. Kama wapo ambao hawajaleta mzigo bado na hawana mstari kwenye karatasi ya Malipo, tofauti iwe sawasawa na madeni yao, isizidi wala isipungue. Kumbuka hesabu hii inataka mstari mmoja kwa kila mkulima. Aliyeleta mara mbili jumlisha kilo zake kwanza, la sivyo utamkata deni mara mbili.

Ipo njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi kwa vikundi vidogo. Waandike wanachama wote 60 kwenye karatasi ya Mikopo, na asiyekopa umwandikie 0 kwa mkono. Hapo kutopatikana kwenye orodha si jambo la kawaida tena, ni kosa. Panua jedwali lifike mstari wa 61, na badala ya sifuri fomula iseme hivi:

```
=IFNA(VLOOKUP(A2,Mikopo!$A$2:$D$61,4,FALSE),"HAYUMO")
```

Neno HAYUMO likitokea kwenye deni, malipo ya mtu huyo yanageuka #VALUE!, na hawezi kulipwa mpaka namba yake irekebishwe. M14 na M014 hazipiti tena.

La mwisho ni la kompyuta yenyewe. IFNA ilikuja na Excel 2013, na Google Sheets wanayo pia. Ukifungua faili kwenye Excel 2010 au 2007 ukakuta _xlfn. mbele ya IFNA au ukapata #NAME?, toleo lako halilijui neno hilo. Usirudi kwenye IFERROR. Andika hivi, inafanya kazi ileile ila ni ndefu kidogo:

```
=IF(ISNA(VLOOKUP(A2,Mikopo!$A$2:$D$39,4,FALSE)),0,
VLOOKUP(A2,Mikopo!$A$2:$D$39,4,FALSE))
```

Kwa hiyo kabla hujachapa karatasi ya malipo ya msimu huu, bonyeza kisanduku kimoja cha safu ya deni na usome fomula yake. Ukikuta IFERROR, tengeneza nakala, badilisha, na uangalie kitakachotokea. Kama kuna alama za aibu zilizokuwa zimejificha, ni afadhali uzione wewe mezani kuliko mweka hazina azione baada ya kuhesabu pesa.